Mali inahama siku gani? Wasia, zawadi ya uzima na zawadi ya kitanda cha mauti

GOMA – Katika familia nyingi za Waislamu wa Kivu na Maniema, ugomvi wa urithi hauanzi siku ya mazishi. Siku hiyo watu wanalia pamoja na kubeba jeneza pamoja. Ugomvi unaanza kwenye arobaini, wageni wakisha kurudi makwao, pale mtu mmoja anapotoa karatasi mfukoni na kusema: “Hii nyumba si ya urithi. Baba alinipa mimi.” Mwingine anajibu kwamba baba alimwachia yeye kwa mdomo, kitandani, mbele ya muuguzi. Wa tatu anasema kuna wasia. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, na bado mmoja tu akawa na haki kamili ya kile anachodai.

Sababu ni kwamba maneno matatu yanayotumiwa kama ni kitu kimoja ni mambo matatu tofauti. Wasia ni mali ambayo mtu anaagiza itolewe akisha kufa. Zawadi ya uzima, ambayo mashehe wanaiita hiba, ni mali ambayo mtu anaitoa mkononi mwake akiwa na afya yake. Zawadi ya kitanda cha mauti ina sura ya hiba, kwa sababu inatolewa mtu akiwa bado anapumua, lakini sheria ya Kiislamu inaipima kwa kipimo cha wasia. Hapo ndipo familia zinapopotea.

Mfano ni wa familia moja iliyokimbia Sake mwezi wa pili mwaka 2024, vita vilipokaribia ule mji ulio kilometa karibu 27 magharibi ya Goma. Baba alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Kasongo katika Maniema, eneo ambalo Uislamu na Kiswahili vilikita mizizi tangu karne ya 19, wakati wa misafara ya biashara ya Tippu Tip. Alikuwa na mke mmoja na watoto watatu wakubwa: mvulana wa kwanza, kisha binti aliyeolewa, kisha mvulana mdogo. Nyumbani mwake alilelewa pia msichana yatima ambaye hakuwa wa damu yake. Wazazi wake mzee walikuwa wamekufa zamani. Walipofika Goma, familia ilipokelewa kwenye parseli ya rafiki wa mzee, ikakaa pale miezi mitano bila kulipa hata franga moja.

Mzee alikufa hospitalini mwisho wa mwaka huo. Kwenye arobaini, vitu vinne viliwekwa juu ya mkeka.

Cha kwanza kilikuwa cha binti. Mwaka 2019 baba yake alimpa parseli ndogo upande wa Mugunga, yenye nyumba ya mbao. Cha pili kilikuwa cha mvulana wa kwanza: karatasi ya mwaka 2020, yenye sahihi ya baba, inayosema kwamba nyumba ya kupangisha iliyoko mjini Goma ni yake. Cha tatu kilikuwa wasia wa mwaka 2021, ambao mzee aliuandika kwa mkono wake: yatima apewe dola 3,000. Cha nne hakikuwa na karatasi. Siku tisa kabla ya kufa, mzee alimwambia mvulana mdogo, aliyelala chini ya kitanda chake kwa wiki tatu, achukue cherehani zote na vitambaa. Siku ileile aliagiza rafiki yake aliyewapokea apewe dola 1,500 zilizokuwa akibani, naye akazipokea mkononi.

Kabla shehe hajagusa hata kimoja, aliuliza mambo mawili. Je, deni la hospitali na gharama ya maziko vimelipwa? Na kuna kitu cha mama humo ndani? Ilionekana cherehani moja aliinunua mama kwa pesa yake ya kuuza maandazi, ikatolewa pembeni kwa sababu haikuwa ya marehemu. Madeni yakalipwa. Baada ya hayo ndipo hesabu inaweza kuanza, kwa sababu wasia na urithi vyote vinatoka katika kile kinachobaki.

Kisha shehe akachukua kila kitu na kukiuliza swali lilelile: hii mali ilihama siku gani kutoka mkononi mwa baba?

Parseli ya binti ilikuwa rahisi, ingawa kaka yake mkubwa hakukubali. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa upande huu wanayafuata, hiba inahitaji anayetoa aseme anatoa, anayepokea akubali, na kitu chenyewe kikabidhiwe. Hilo la tatu ndilo linalofunga mlango. Kwa nyumba na shamba, kukabidhi maana yake mtoaji aondoe vitu vyake, atoe ufunguo, na amwachie mwenzake nafasi ya kutumia bila kizuizi. Baba alifanya hivyo. Binti na mume wake walihamia pale mwaka uleule, wakajenga ukuta wa mawe, wakaanza kulipa ada za parseli kwa jina lao. Mwaka uliofuata karatasi ikabadilishwa pia.

“Lakini baba alikuwa mgonjwa tangu wakati ule,” alisema kaka mkubwa. “Sukari ilimpata mwaka 2017. Shehe, si mmesema zawadi ya mgonjwa haihesabiki?”

Hapo shehe alifafanua neno ambalo watu wanalitumia ovyo. Maradhi ya mauti si kila maradhi. Ni hali ambayo kwa kawaida watu wanaogopa kifo kutokana nayo, na kweli mtu akafa humo. Ikiwa kuna ubishi kama hali ilikuwa ya hatari au hapana, vitabu vya Shafii vinataka ushahidi wa madaktari wawili waaminifu. Mwenye sukari au presha anayekwenda sokoni kila siku, anayekata nguo na kugombana na wateja, hayuko katika maradhi ya mauti, hata kama ugonjwa huohuo ndio utakaomuua miaka mitano baadaye. Mzee mwaka 2019 alikuwa anatembea kwa miguu kwenda msikitini. Kwa hiyo parseli ilitoka katika mali yake siku ile, na siku ya kifo haikuwa yake tena. Warithi hawawezi kurithi kitu ambacho marehemu hakuwa nacho.

Hapa kuna jambo linalowaumiza wengi. Zawadi ya uzima haina kikomo cha theluthi. Mtu mwenye afya na akili anaweza kutoa nusu ya mali yake, hata yote, kwa mtoto mmoja au kwa mgeni, na ikikabidhiwa inasimama. Kinachomzuia ni hukumu ya dhamiri. Habari ya Nuuman bin Bashir inajulikana: baba yake alitaka kumpa zawadi peke yake na kumshuhudisha Mtume, naye akamuuliza kama amewapa watoto wake wote vivyo hivyo. Alipojibu hapana, Mtume akakataa kuwa shahidi. Mashafii wanasema kuwatofautisha watoto bila sababu kunachukiza, lakini hakubatilishi zawadi. Baba pia ana ruhusa ya kumrudisha mtoto wake kwenye usawa, yaani kuchukua tena alichompa, maadamu bado kiko katika milki ya mtoto huyo. Mzee wa Sake hakukichukua, na baada ya kufa kwake hakuna anayeweza kukichukua kwa niaba yake.

Karatasi ya mvulana wa kwanza ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ilikuwa nzuri kuliko zote. Ilikuwa na tarehe, sahihi, na majina ya mashahidi wawili. Shehe aliisoma mara mbili, kisha akauliza: “Kodi ya nyumba hii, wapangaji walikuwa wanampa nani?”

“Baba.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka alipolazwa.”

“Na ufunguo wa chumba kile cha nyuma?”

Kijana alikaa kimya. Chumba cha nyuma baba alikuwa ameweka mabati yake na magunia ya makaa.

Jambo hili si geni, wala halikuanza Goma. Abubakari, khalifa wa kwanza, alimpa binti yake Aisha mavuno ya tende ya wasaki ishirini kutoka shamba lake la Ghaba. Aisha hakuyavuna wala hakuyachukua. Abubakari alipokuwa anakufa, alimwambia kwamba kama angeyakata na kuyachukua yangekuwa yake, lakini kwa kuwa hakufanya hivyo, leo ni mali ya warithi, wagawane kwa mujibu wa Kitabu. Mtoaji alikuwa khalifa, mpokeaji alikuwa mama wa waumini, wote wawili walikubali kwamba zawadi ilitamkwa. Kilichokosekana ni kukabidhi tu, nacho kilitosha kuirudisha zawadi kwenye urithi.

Kwa hiyo nyumba ya kupangisha ilibaki katika mali ya marehemu. Mvulana wa kwanza aliuliza kama karatasi yake inaweza basi kuhesabiwa kuwa wasia. Jibu lilikuwa hapana mara mbili. Kwanza, karatasi ilisema “nimempa”, haikusema “apewe nikifa”. Pili, hata ingesema hivyo isingemsaidia, kwa sababu yeye ni mrithi, na wasia kwa mrithi hausimami mpaka warithi wengine waukubali baada ya kifo.

Hilo ndilo tofauti kubwa ya wasia. Wasia hauhamishi kitu chochote siku unapoandikwa. Mzee angeweza kuubadilisha wasia wa yatima kesho yake, au kuuchana, na yatima asingekuwa na la kudai. Yatima angekufa kabla yake, wasia ungekufa naye. Unapata nguvu siku ya kifo, na siku hiyo unakutana na kuta mbili. Ukuta wa kwanza ni huo wa mrithi. Ukuta wa pili ni theluthi: kwa asiye mrithi, wasia unapita ndani ya theluthi moja ya mali iliyobaki baada ya maziko na madeni, na kinachozidi kinategemea hisani ya warithi. Kikomo hicho kinatokana na habari ya Saad bin Abi Waqqas, ambaye aliugua Makka akiwa na binti mmoja tu, akataka kutoa theluthi mbili, kisha nusu, mpaka akaruhusiwa theluthi, na akaambiwa kwamba hata theluthi ni nyingi. Saad mwenyewe alipona na kuishi miaka mingi.

Yatima wa Sake hakuwa mrithi. Kulelewa katika nyumba hakumpi mtoto fungu la urithi katika sheria ya Kiislamu, hata akimwita mwenye nyumba baba tangu anyonye. Kwa mtoto kama huyu wasia ndio mlango wake, pamoja na zawadi ya uzima. Mzee alilijua hilo, ndiyo maana aliandika.

Vilibaki vile vya kitandani. Watu wengi wanaona hapa hakuna shida: mtu yuko hai, ana akili, anatoa mali yake, anayepewa anaichukua. Hiba imetimia. Lakini sheria inaangalia kwamba mtu aliyefika pale mkono wake hauko huru tena kama zamani, maana haki ya warithi imekwisha kuanza kuigusa mali. Katika habari ya Imran bin Huswayn, mtu mmoja aliwaacha huru watumwa wake sita wakati wa kufa kwake, naye hakuwa na mali nyingine. Mtume aliwagawa makundi matatu, akapiga kura, wawili wakawa huru na wanne wakabaki. Yule mtu hakuandika wasia. Alitenda akiwa hai, na bado tendo lake lilikatwa kwenye theluthi.

Kwa hiyo zawadi ya kitanda cha mauti inapita njia zilezile za wasia: kwa mrithi inangoja idhini ya wenzake, na kwa asiye mrithi haivuki theluthi. Inatofautiana na wasia katika mambo mawili. Mgonjwa akipona, zawadi yake inakuwa ya uzima, kamili, bila theluthi na bila idhini ya mtu. Na theluthi isipotosha kwa wote, zawadi iliyokwisha kukabidhiwa kitandani inatangulia, wasia unafuata.

Mashehe wa zamani hawakuishia kwenye kitanda. Walihesabu katika hali hii mtu aliye vitani majeshi yakiwa yameshikana, abiria wa chombo katika dhoruba, na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Kwa watu waliotoka Sake, Masisi au Rutshuru hilo si jambo la vitabuni. Baba anayegawa ng'ombe na mashamba huku mabomu yanaanguka kijijini anatoa zawadi ya mtu aliye mlangoni mwa kifo. Akifa katika hatari ile, warithi wana haki ya kuipima kwa theluthi. Akifika Goma salama, alichokabidhi kimekwenda.

Sasa hesabu. Mali iliyobaki baada ya madeni ilikadiriwa hivi: nyumba ya Sake dola 4,500, nyumba ya kupangisha ya Goma dola 4,000, cherehani na vitambaa dola 2,000, na zile dola 1,500 alizopewa rafiki. Zinarudishwa katika hesabu kwa sababu ni zawadi ya kitandani. Jumla ni dola 12,000. Parseli ya binti haimo.

Theluthi ya 12,000 ni 4,000. Rafiki si mrithi, na alipokea mkononi, basi anatangulia na dola zake 1,500. Zinabaki 2,500. Yatima aliandikiwa 3,000, lakini theluthi imebakiza 2,500, na hizo ndizo zake kwa haki. Dola 500 zinazopungua warithi wangeweza kumwongezea kutoka mafungu yao. Hawakufanya hivyo.

Warithi wanabaki na dola 8,000. Mama, kwa kuwa marehemu ana watoto, anapata thumuni, yaani dola 1,000. Zinazobaki 7,000 zinagawanywa mafungu matano: kila mvulana mawili, binti moja. Kila mvulana anapata 2,800, binti 1,400. Baba mdogo, ndugu wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Kindu akitegemea kitu, lakini wana wa kiume wa marehemu wanamzuia.

Cherehani za dola 2,000 zimo ndani ya hizo 8,000, maana mvulana mdogo ni mrithi. Ili azichukue juu ya fungu lake, wenzake wakubali. Hapa mvulana mdogo alikasirika. “Yaya, ulikuwepo hospitalini,” alimwambia kaka yake. “Baba alisema mbele yako, na wewe ukatikisa kichwa.”

Ilikuwa kweli. Lakini idhini ya mrithi kabla ya kifo haimfungi, kwa kuwa wakati ule hana bado haki ya kuisamehe. Tena nani atamkatalia baba yake anayekata roho? Idhini inaulizwa baada ya kifo, kwa kila mmoja peke yake, na inagusa fungu lake tu. Mtoto mdogo hawezi kuitoa, na mlezi wake hawezi kuitoa kwa niaba yake. Mama alikubali. Binti alikubali, akisema mdogo wake ndiye aliyemgeuza baba kitandani. Kaka mkubwa alikataa.

Katika cherehani hizo, fungu la mama lilikuwa dola 250, la binti 350, la kila mvulana 700. Mama na binti waliposamehe, mvulana mdogo aliongezewa dola 600. Dola 700 za kaka mkubwa zilibaki zake. Mwishoni mama alikuwa na 750, binti 1,050, kaka mkubwa 2,800, mvulana mdogo 3,400. Ukizijumlisha zinarudi 8,000 kamili.

Nyumba ya kupangisha iliuzwa. Yatima akalipwa 2,500, mama 750, na kaka mkubwa 750 za kuanzia. Mvulana mdogo alichukua cherehani. Nyumba ya Sake, ambayo hakuna aliyeweza kufika kuiona wala kuipatia mnunuzi, ilibaki ya watoto watatu kwa hisa zilizoandikwa: kaka mkubwa 2,050, mdogo 1,400, binti 1,050. Bei ya Sake ikipanda au ikianguka, watapanda na kuanguka pamoja.

Kuna upande mwingine ambao shehe hakuuficha. Kongo haina mahakama ya kadhi. Kikao cha msikitini ni sulhu, kinasimama kwa sababu wenyewe wamekubali. Mmoja akienda tribinali, hakimu atafuata Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na sheria hiyo haiulizi dini. Inawapa watoto robo tatu ya urithi, kwa sehemu sawa, wa kike na wa kiume, pamoja na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa akatambuliwa na baba, na mtoto aliyeasiliwa kisheria. Sehemu hiyo haikatwi na wasia unaowapendelea wengine. Robo inayobaki ni ya kundi la pili, ambamo wamo mwenzi aliyebaki, wazazi na ndugu. Mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya ndoa.

Kwa mali ya dola 12,000, robo tatu ni 9,000, na binti angeweza kudai 3,000. Theluthi nzima aliyoitoa mzee ingezidi robo, hivyo yatima au rafiki wangeweza kupunguziwa. Baba mdogo kutoka Kindu naye angekuwa na la kusema. Binti alielezwa hayo waziwazi mbele ya wote, kisha akapewa siku tatu. Alirudi akisema anabaki na hesabu ya msikitini, kwa sababu ameisha kupewa parseli ya Mugunga, na hataki kaka zake waiguse kwa mlango wa tribinali. Makubaliano yakaandikwa, wote wakaweka sahihi, wakayapeleka kwa noteri.

Sheria ya nchi pia inakutana na zile njia tatu, na si mahali pote inapokubaliana na kikao. Wasia wa mkono unatakiwa uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, uwe na tarehe na sahihi. Uliochapwa kwenye kompyuta na kutiwa sahihi tu haufiki. Wasia wa mdomo unakubaliwa kwa mtu aliye katika hatari ya kufa, mbele ya mashahidi wakubwa wasiopungua wawili, kwa mambo machache tu, na miezi mitatu ikipita mtu angali hai, umekufa. Kuhusu ardhi, sheria ya 1973 inasema udongo ni wa serikali, na haki ya mtu juu ya parseli inathibitishwa na sertifika ya usajili. Kwa hiyo baba anayempa mtoto parseli akamwachia ufunguo tu amekamilisha hiba mbele ya shehe, lakini ofisi ya vyeo vya ardhi bado inamjua baba. Binti wa Mugunga aliokolewa na vyote viwili: alihamia, na karatasi ikabadilishwa baba akiwa hai.

Kwa waliohamishwa kuna tatizo moja zaidi. Baba aliye kwenye nyumba ya kupewa Goma anasema leo: shamba la Masisi nampa huyu. Yuko mzima, maneno ni ya hiba, lakini shamba halifikiki. Kukabidhi ardhi ya mbali kunataka upite muda wa kutosha mpokeaji kuifikia na kuishika. Barabara ikiwa imefungwa na mtu mwingine analima pale, zawadi inaning'inia, na baba akifa kabla, shamba linarudi kwa warithi kama tende za Aisha. Mwenye nia ya kumpa asiye mrithi katika hali hiyo ana njia iliyo salama zaidi: aandike wasia, ndani ya theluthi, maana wasia haungoji ufunguo.

Kwa mrithi njia hiyo haipo. Baba anayetaka mtoto mmoja awe na kitu fulani, kwa sababu anamtunza au kwa sababu ni mlemavu, ana wakati mmoja tu wa kufanya hivyo bila kuomba idhini ya mtu: akiwa mzima, mlangoni mwa hiyo nyumba, akitoa vitu vyake nje. Kaka mkubwa wa familia ya Sake ameitunza karatasi yake ya mwaka 2020. Anasema baba hakumdanganya, alitaka kweli kumpa. Shehe naye alikubali hivyo. Kodi ya miezi yote ile, iliyoingia mfukoni mwa baba kila tarehe moja, ndiyo iliyokataa.